Ukurasa mmoja kabla ya kufuli

Mwenye duka la pembejeo pale Mwanjelwa, Mbeya, akikwambia hajagusa hesabu za nusu mwaka kwa sababu hana muda, mpitie mchana wa katikati ya wiki mwezi Julai. Mvua zilishakatika, mbolea haitoki, wanaoingia wanataka dawa ya kuhifadhia mahindi na wanaondoka. Muda upo. Daftari la mauzo lipo chini ya kaunta, mkono tu anyooshe. Yeye anapanga upya chupa za dawa alizozipanga jana.

Kujumlisha anajua, tena kwa kichwa, mteja akiwa amesimama mbele yake. Anachokikwepa ni kile daftari litakachomwambia: kwamba Februari duka liliuza kweli na bado mtaji umepungua, kwamba kijana wa dukani kuna mahali kateleza, kwamba shemeji alibeba mifuko mitano na hakuna aliyeandika. Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, watafiti wa mambo ya kuahirisha kazi, waliliweka hivi mwaka 2013: mtu anapopiga danadana huwa anajituliza moyo kwa sasa hivi na kumwachia mzigo yule atakayekuwa yeye kesho. Ile nafuu ya kulirudisha daftari chini ya kaunta ni ya kweli na inakuja papo hapo, kwa hiyo kila siku anajifunza kukwepa vizuri zaidi.

Ukishaelewa hivyo, unaona kwa nini kujikaripia hakusaidii. Unaongeza ubaya juu ya kitu ambacho tayari mtu anakikimbia kwa ubaya wake. Kinachosaidia ni kupunguza mambo mawili yanayotokea kwa pamoja ile dakika ya kuanza: uamuzi (nianze sasa au baadaye? nianzie wapi?) na hofu. Uamuzi unaondolewa kwa kupanga saa ya kuanza kabla siku haijafika. Hofu inapunguzwa kwa kuifanya hatua ya kwanza iwe ndogo kiasi kwamba haigusi lile linaloogopwa. Kimoja bila kingine hakifiki mbali. Saa iliyopangwa ikiwa na kazi kubwa nyuma yake, kengele inalia na mtu anaizima. Hatua ndogo isiyo na saa inabaki wazo zuri la kichwani.

Tuchukue duka hilohilo. Lina daftari la mauzo, ukurasa mmoja kwa siku, siku sita kwa wiki. Januari hadi Juni ni wiki 26, yaani kurasa 156 ambazo hazijajumlishwa. Kuna mfuko wa risiti za manunuzi, na kuna daftari la madeni ya wakulima waliochukua mbolea kwa ahadi ya kulipa baada ya mavuno. Mwenye duka anataka kujua mtaji wake halisi kabla ya mwisho wa Septemba. Oktoba lazima awe ameamua anunue mifuko mingapi ya mbolea ya kupandia kabla mvua hazijaanza, na 30 Septemba ni tarehe ya awamu ya tatu ya kodi ya mapato kwa wanaofuata mwaka wa kalenda. Nyingine ni 31 Machi, 30 Juni na 31 Desemba.

Kwenye orodha yake ya mambo ya kufanya imeandikwa "kushughulikia hesabu". Hapo ndipo pa kuanza kurekebisha, kwa sababu hakuna mkono unaoweza kushughulikia. Mkono unaweza kufungua, kujumlisha, kuandika, kupiga namba. Kitenzi kikiwa hakionyeshi mkono unafanya nini, hiyo bado siyo hatua, na kila mara mtu akiisoma anaona kurasa zote 156 kwa mkupuo mmoja. Kuandaa, kufuatilia, kuweka sawa, kumalizana na: yote ni ya kundi hilo.

Hatua yake ya kwanza iwe hii: kufungua daftari mahali penye kibanio, kujumlisha ukurasa mmoja kwa kikokotoo mara mbili, na kuandika jumla chini kwa kalamu nyekundu. Ni dakika tatu au nne. Anajumlisha mara mbili kwa sababu vidole vinakosea, na jumla mbili zikilingana hana haja ya kurudi tena kwenye ukurasa ule. Kalamu nyekundu inamwonyesha kwa kupekua tu amefika wapi. Kibanio kinaondoa swali la "nilikuwa nimeishia wapi?", ambalo linaonekana dogo lakini kwa mtu anayetafuta sababu ya kuliacha daftari linatosha kabisa.

Wengi wanakosea kwa kuchagua hatua ndogo ambayo haimo ndani ya kazi yenyewe. Mtu ananunua kaunta buku jipya, anapiga mistari kwa rula, anaandika vichwa vya safu, tarehe, bidhaa, idadi, bei, na jioni inaisha akiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi. Wiki nzima inaweza kwenda hivyo. Kipimo chake ni rahisi: baada ya hatua hiyo, kurasa ambazo hazijajumlishwa zimepungua? Kama bado ni 156, ulikuwa unajiandaa, na kujiandaa ni kukwepa kunakoonekana kwa heshima. Daftari la zamani lenye kona zilizokunjika linatosha. Mistari utapiga mwezi wa tisa ukitaka.

Hatua ya kwanza pia isitegemee mtu wala kitu ambacho huna mkononi. Ukianza na kuomba taarifa ya miamala ya simu, mtandao ukisumbua jioni hiyo umeshapata ruhusa ya kuacha. Ukianza na kumuuliza kijana wa dukani maana ya mwandiko wake, na yeye kaenda kwao Tukuyu, umekwama. Kikokotoo cha betri, kalamu na daftari vinafanya kazi hata umeme ukikatika. Mambo yanayohitaji mtandao na watu yatafute nafasi baadaye, kazi ikishakuwa na mwendo.

Sasa saa. Karibu kila mtu akiulizwa ataanza lini husema "jioni". Jioni ni saa tatu nzima, na ndani yake kila dakika ni halali kusema bado. Mwaka 2011 Katherine Milkman na wenzake walichapisha jaribio la Marekani lililofanywa kwa wafanyakazi waliokuwa wakialikwa kuchanjwa mafua bure kazini. Wote walipewa siku na saa za kliniki. Kundi moja likaombwa lijiandikie siku litakayokwenda, jingine siku na saa. Miongoni mwa waliopewa tangazo tu, kama asilimia 33 walichanjwa. Walioandika siku na saa walizidi kwa pointi 4 hivi. Walioandika siku peke yake hawakuonyesha tofauti ya kutegemewa. Ni karatasi tu, haikukusanywa na mtu wala kukaguliwa. Kilichofanya kazi ni kule kufika hadi kwenye saa.

Kwa duka, hata saa peke yake ina udhaifu, kwa sababu mteja hajui kwamba saa 12 kasorobo jioni umejipangia jambo. Atakuja na swali la mbegu za viazi na utamhudumia, ndiyo riziki. Kwa hiyo saa ifungwe kwenye tukio ambalo linatokea kila siku bila kukumbushwa. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyeandika sana juu ya mipango ya namna hii, makala yake inayojulikana ya mwaka 1999 inaonyesha kwamba mpango wa "likitokea hili, nitafanya lile" unaiachia hali yenyewe kazi ya kukukumbusha. Duka lina tukio hilo tayari: kuhesabu droo kabla ya kufunga. Sentensi ya mpango iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya mfuniko wa droo, ikiwa na maneno haya na si mengine:

"Nikishahesabu droo, kabla sijafunga kufuli, nitakaa kwenye stuli ya nyuma na kujumlisha ukurasa mmoja penye kibanio."

Ina tukio, ina mpaka, ina mahali, ina tendo. Mpaka wa kufuli una maana zaidi ya unavyoonekana. Mtu akishafunga na kupanda daladala, hesabu imehamia nyumbani, na nyumbani Julai ya Mbeya kuna baridi, kuna chakula cha watoto, kuna blanketi. Wanaosema "nitafanyia nyumbani nikiwa nimetulia" huwa wanabeba daftari kwenda na kurudi kwenye mkoba hadi jalada linachanika.

Kengele ya simu iwekwe pia, kama msaada. Angalia inavyosomeka: saa 12 kasorobo jioni kwenye simu ni 17:45, na kama simu yako inatumia AM na PM, ni 5:45 PM. Ukiacha AM italia alfajiri, utaizima kwa hasira ukiwa kitandani, na jioni haitalia.

Kabla ya ukurasa wa zamani kuna ukurasa wa leo, ambao lazima ufungwe palepale droo inapohesabiwa. Usipofanya hivyo, kila wiki unapunguza kurasa huku na kuongeza sita kule. Kufunga ukurasa wa leo hakuna hofu kwa sababu kumbukumbu bado ni mbichi. Sema jumla ya mauzo ya leo kwenye daftari ni 412,500. Kwenye droo kuna 287,500, ukitoa chenji ya kuanzia ya 30,000 inabaki 257,500. Kwa lipa namba zimeingia 155,000. Jumlisha, ni 412,500, ukurasa umekaa. Ukipungua, mtu wa kuulizwa bado hajaondoka. Mbolea iliyotoka kwa mkopo isichanganywe na ukurasa huu, iende kwenye daftari la madeni, la sivyo droo itaonekana imeibiwa kila siku.

Kisha ndiyo stuli ya nyuma, na ukurasa mmoja wa zamani.

Wiki ya kwanza, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Julai, lengo ni ukurasa mmoja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Kurasa tano kwa wiki ni aibu kidogo kuzitaja mbele ya 156, na mwenye duka anayeelewa hesabu atakwambia kwa mwendo huo atamaliza mwaka kesho. Ni kweli. Wiki hii haipo kwa ajili ya kurasa. Ipo kwa ajili ya kukaa kwenye stuli mara tano mfululizo bila kitu kibaya kutokea. Na hapa kuna kosa ambalo watu wenye bidii ndio hulifanya: siku ya tatu mkono unakuwa mwepesi, kurasa zinakwenda, mtu anajumlisha ishirini hadi saa 2 usiku. Anatoka amechoka lakini amefurahi. Siku ya nne anahesabu droo, anakiangalia kibanio, na kichwa kinamkumbusha saa mbili za jana, siyo dakika nne za mpango. Anafunga kufuli. Kwa hiyo weka dari kama ulivyoweka sakafu ya ukurasa mmoja: kwa wiki ya kwanza isizidi kurasa nne kwa siku, hata kama mkono unawasha.

Kuacha ukiwa bado una hamu kuna faida nyingine. Maria Ovsiankina, aliyekuwa akifanya utafiti Berlin, alionyesha mwaka 1928 kwamba watu waliokatizwa kazi katikati huirudia wenyewe wakipata nafasi, bila kuambiwa. Itumie hiyo. Kabla ya kufunga daftari, andika kwa penseli jumla ya mistari mitatu ya mwanzo ya ukurasa unaofuata. Kesho hutaanza ukurasa, utamalizia.

Kuanzia wiki ya pili, sakafu inabaki palepale, ukurasa mmoja, ila muda wa kukaa unakuwa dakika 15. Kwa mwandiko unaosomeka hizo ni kurasa nne hivi, sawa na 20 kwa wiki. Zilizobaki ni 151, kwa hiyo wiki nane zinatosha, na ukijumlisha ile ya kwanza ni tisa. Ongeza wiki moja ambayo haitakuwepo: mwanzoni mwa Agosti kuna Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, na mwenye duka la pembejeo kama hana banda basi anakwenda kwenye banda la msambazaji wake. Wiki kumi kutoka mwanzo wa Julai zinakupeleka karibu na tarehe 11 Septemba. Zinabaki kama wiki mbili na nusu kwa risiti za manunuzi, ambazo ni kazi nyepesi kuliko inavyodhaniwa: zipange kwa mwezi, bana, jumlisha.

Kuhesabu hivi mapema kunaweza kuonekana ushamba, lakini makadirio ya kichwani huwa yanadanganya upande mmoja. Roger Buehler na wenzake, mwaka 1994, waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu tasnifu zao zingechukua siku ngapi. Kwa wastani walisema 34. Zikachukua 55. Anayesema "hizo hesabu nikikaa wikiendi moja zinaisha" yuko kwenye kundi hilo, na tatizo lake si wikiendi, ni kwamba kila wikiendi inayopita bila kukaa inamfanya ajione mvivu na daftari linazidi kuwa zito.

Mahali ambapo mpango huu huvunjika zaidi ni siku ukurasa unapokataa. Umejumlisha Machi, unaona mifuko mitatu imeandikwa na pesa za miwili. Kila kitu ulichokuwa unakihofia kimekaa kwenye mstari mmoja. Kishawishi ni kusimama hapohapo: kumpigia kijana, kupekua risiti, kurudi kurasa za nyuma. Ukifanya hivyo jioni ya dakika 15 inageuka kuwa kesi, na kesho utakapohesabu droo mwili utakumbuka kesi. Andika alama ya kuuliza pembeni kwa penseli, andika kinachokosekana kwa tarakimu, pita. Alama za kuuliza zina saa yake, Jumamosi saa 3 asubuhi kabla soko halijachangamka, nusu saa, kijana akiwa yupo. Mtakuta nyingi zinajijibu zenyewe: mfuko wa tatu ulikuwa wa mkopo na ukaandikwa sehemu mbili. Zinazobaki bila jibu ndizo zinazohitaji mazungumzo, na utakuwa nazo tatu au nne mkononi badala ya shaka juu ya kila ukurasa.

Siku zitakosekana. Msiba ukitokea Rungwe, duka linafungwa siku tatu, na hakuna mpango wa hesabu unaoshinda msiba wala haupaswi. Tatizo linakuja siku ya kurudi, pale mtu anapojidai kurasa kumi na mbili za siku alizokosa. Deni hilo lisilipwe. Siku ya kurudi ni ukurasa mmoja, kama siku ya kwanza, na kesho yake dakika 15. Siku zilizokosekana zitakula kidogo kwenye zile wiki mbili na nusu za mwisho. Anayelipa deni siku ya kurudi huwa anakosa siku inayofuata, halafu anasema mfumo haufai.

Daftari la madeni ni kazi nyingine kabisa, ingawa limelala kwenye droo moja na la mauzo. Usianze yote mawili Jumatatu ileile. Ngoja wiki mbili, kukaa kwenye stuli kuwe kawaida, kisha panga saa ya pili. Usingoje sana kupita hapo, kwa sababu pesa ya mahindi ikishaingia mkononi mwa mkulima ina ada za shule na bati za nyumba zinazoingojea, na atakayefika Oktoba atakuta imekwenda.

Hofu ya daftari hili ina sura nyingine. Kumdai mtu mzima aliyekuja dukani tangu wazazi wako wakiliendesha ni jambo zito, na "kupiga simu za madeni" ni hatua kubwa mno kuanza nayo. Ipunguze hadi hapa: chukua kikaratasi, andika jina moja, bidhaa, kiasi, mwezi aliochukua, na sentensi ya kwanza utakayosema. Hiyo ndiyo hatua ya siku. Kupiga ni hatua ya pili, na ukishakuwa na sentensi mkononi mara nyingi utapiga tu. Saa iwe Jumanne na Alhamisi, saa 4 asubuhi, baada ya chai, kabla simu ya kwanza ya msambazaji. Majina mawili kwa siku yanatosha. Jioni haifai: mkulima amechoka, yupo mbele ya familia yake, na deni linalotajwa mbele ya watoto linageuka kuwa ugomvi.

Sentensi iandikwe jinsi itakavyotamkwa. Kwa mzee wa Ilembo aliyechukua mifuko miwili mwezi wa kwanza:

"Shikamoo baba. Ni mimi binti yako wa dukani Mwanjelwa. Habari za huko, mmemaliza kuvuna?"

"Marahaba mwanangu, tumemaliza, ila bei ndiyo hiyo."

"Pole baba. Nilikuwa napitia daftari, naona ile mifuko miwili ya Januari bado, shilingi 148,000. Nikasema nikupigie tupange."

"Nakumbuka mwanangu. Nitakuja."

Simu nyingi zinaishia hapo na pande zote mbili zinashukuru kwa kupona. Lakini "nitakuja" ya mzee ni "jioni" ya mwenye duka, ni mpango usio na saa. Mrahisishie kama ulivyojirahisishia mwenyewe: "Baba, unashuka mjini siku gani?" Akisema Jumamosi ya soko, uliza atafika asubuhi au mchana, kisha punguza hatua ya kwanza: "Basi Jumamosi asubuhi uje hata na elfu hamsini, nyingine tutapanga tukionana." Andika pembeni ya jina lake siku na kiasi. Asipofika, Jumanne jina lake ndilo la kwanza, na sentensi inakuwa fupi zaidi. Elfu hamsini ya kwanza ikishaingia, yeye mwenyewe anaacha kupita upande wa pili wa barabara.

Kuna kazi ambazo hatua ndogo haizisogezi, na ni vizuri kuzitambua mapema ili usijilaumu bure. Kama siku tano mfululizo umekaa kwenye stuli na ukurasa umekataa kufunguka, jiulize nini hakipo. Huenda daftari la Februari amebaki nalo ndugu yako mliyekuwa mkiendesha naye duka, na kujumlisha Machi bila Februari hakuleti jibu unalolitaka. Hapo kinachotakiwa ni kwenda kwa ndugu, na hofu yote iko kwenye safari hiyo. Huenda pia uamuzi haujafanyika: unajua duka halilipi, na hesabu zitathibitisha. Kupunguza hatua hakufanyi uamuzi kwa niaba ya mtu. Kaa na mwenzako au mzazi mliongee hilo kwanza.

Ukiwa umechelewa kweli, siku nne kabla ya 30 Septemba na kurasa zote ziko wazi, achana na ukurasa mmoja. Tafuta mtu wa hesabu umlipe, na hatua yako ya kwanza ni kutia daftari, risiti na taarifa za miamala kwenye boksi moja na kuandika juu yake namba yako ya simu. Njia ya sakafu ndogo inahitaji wiki ili ifanye kazi. Na mtu ambaye si hesabu tu zilizomshinda, bali amepoteza hamu ya chakula, usingizi na hata vitu alivyokuwa akivipenda, kwa wiki mbili au zaidi, huyo aende hospitali aseme hivyo. Kibanio hakitibu ugonjwa.

Kurasa 156 zikiisha, kishawishi ni kuziachia zile dakika 15 ziondoke. Usiziachie. Ukurasa wa leo unachukua dakika nne, na dakika zilizobaki zina kazi: Jumatatu risiti za manunuzi za wiki iliyopita, Jumanne majina mawili ya madeni yaandikwe kwenye kikaratasi kwa ajili ya Alhamisi asubuhi, Jumatano kuhesabu mifuko iliyopo stoo aina moja tu, mbolea ya kukuzia wiki hii, ya kupandia wiki ijayo. Msimu ukianza Novemba na foleni ikafika barabarani, punguza hadi ukurasa wa leo peke yake, na karatasi ya kwenye mfuniko wa droo ibaki palepale, ila kwenye sentensi badilisha maneno mawili: "penye kibanio" iwe "wa leo".